Uchambuzi wa kisa: mwaliko wa usafi wa ufukwe, mvua ya vuli na tarehe ya akiba

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa pwani jijini Dar es Salaam, mwezi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuanza. Majina ya kikundi, mtaa na ufukwe yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha wahusika yamebadilishwa. Mfuatano wa matukio na maudhui ya mialiko havikuguswa, kwa sababu funzo lote limo humo.

Kikundi chenyewe ni cha watu wanaojitolea. Kina kamati ndogo yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kina orodha ya anwani za barua pepe zipatazo 200. Wengi walio kwenye orodha hiyo hawaishi karibu na ufukwe. Wako Mbagala, Tabata, Kimara na kwingineko, na kwa baadhi yao safari ya daladala hadi pwani huchukua zaidi ya saa moja hata asubuhi ya Jumamosi. Jambo hili lingepaswa kuongoza kila sentensi ya mwaliko, kwa kuwa anayetoka Mbagala huamua kwenda au kutokwenda akiwa bado nyumbani, alfajiri, kabla hajaliona anga la pwani.

Ufukwe uliokusudiwa una sehemu mbili za kazi. Sehemu ya juu ni ule mstari wa taka unaoachwa na maji ya bamvua: chupa za plastiki, vifuniko, ndala, vipande vya kamba na majani makavu ya baharini. Sehemu hiyo hufikika karibu saa zote za mchana. Sehemu ya chini ni mlango wa mtaro mkubwa unaoleta maji ya mvua kutoka mitaani, na kando yake pana mikoko. Humo nyavu chakavu na vitambaa hunasa kwenye mizizi, na ndimo taka nyingi zaidi zilimo. Mtu hawezi kufanya kazi pale maji yakiwa yamejaa. Ni lazima bahari iwe imekupwa, tena imekupwa vizuri.

Kamati ilikuwa imekwisha kupata ridhaa ya ofisi ya serikali ya mtaa na kukodi lori la kampuni ya kuzoa taka. Ilichagua Jumamosi ya tarehe 2, ya kwanza ya mwezi, kwa sababu nzuri. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchini kote, viongozi wa mtaa huwa na majukumu mengi, na lori huwa gumu kupatikana.

Barua pepe ya kwanza

Mwaliko ulitumwa siku ya Jumatano na ulisomeka hivi:

> Kichwa: Usafi wa ufukwe
>
> Ndugu wanachama na marafiki,
>
> Mnakaribishwa katika zoezi la usafi wa ufukwe litakalofanyika Jumamosi hii kuanzia saa 1:00 asubuhi. Tutakutana ufukweni, karibu na soko la samaki (lokesheni imeambatishwa). Vifaa vitakuwepo, ila mwenye navyo aje navyo. Endapo mvua itanyesha, zoezi litaahirishwa hadi Jumamosi inayofuata. Wote mnakaribishwa.
>
> Katibu

Barua hii haina kosa la adabu wala la lugha. Inataja mahali, saa, vifaa na mpango wa mvua, yaani yote manne ambayo mwaliko wa namna hii hutakiwa kuwa nayo. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa: kila kipengele kilikuwepo, na kila kimoja kilishindwa kufanya kazi siku ilipofika. Watu wapatao 70 walijibu kwamba watakuja.

Jumamosi ya kwanza

Usiku wa kuamkia Jumamosi ilinyesha mvua kubwa karibu jiji zima. Ilipofika saa 11 alfajiri mvua ilikuwa imekatika pwani, Kimara kulikuwa na manyunyu, na Mbagala ilikuwa ikiendelea kunyesha. Waliokuwa Mbagala walisoma maneno “endapo mvua itanyesha” wakaona kwamba sharti limetimia, hivyo wakabaki nyumbani. Waliokuwa Kimara hawakuwa na uhakika. Wengine waliandika kumuuliza katibu, ambaye naye alikuwa akisubiri neno la mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa njiani. Waliokuwa jirani na ufukwe waliona anga jeupe, wakaenda.

Kati ya hao walioenda, baadhi waliongozwa na lokesheni iliyoambatishwa. Alama ya ramani ilikuwa imewekwa mchangani hasa, mahali kazi ingefanyika. Programu ya ramani huipeleka gari kwenye barabara iliyo karibu zaidi na alama, na barabara iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa upande wa pili wa ukuta mrefu wa jengo la watu binafsi. Kwa hiyo waliofuata ramani walijikuta nyuma ya ukuta, wakiisikia bahari bila kuona njia ya kuifikia, na waliofuata maneno “karibu na soko la samaki” walikuwa upande mwingine kabisa. Ilikaribia saa 2 asubuhi ndipo makundi hayo mawili yalipokutana.

Mwenyekiti alipofika alitazama mtaro, akaamua kuahirisha. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi, ingawa sababu yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye mwaliko. Wakati huo mvua haikuwepo. Tatizo lilikuwa maji ya mtaro, ambayo baada ya mvua ya usiku yalishuka kwa nguvu yakiwa meusi, yakibeba uchafu wa mitaani pamoja na maji ya vyoo. Hakuna mratibu mwangalifu ambaye angewaingiza watu humo, hata wakiwa na mabuti. Lakini waliofika hawakuelewa kwa nini zoezi linaahirishwa jua likiwaka, na hakuna aliyewaeleza ipasavyo. Lori lilikuwa limekwisha kufika, na kwa mujibu wa makubaliano lililipwa safari yake likarudi tupu.

Jumamosi ya pili

Zoezi lilihamia tarehe 9, kama barua ilivyosema. Katibu alituma ujumbe mfupi wa kukumbusha, bila kubadilisha neno lolote la mwaliko wa awali. Asubuhi ilikuwa nzuri na haikuwa na mvua tangu siku mbili nyuma. Walifika watu wachache zaidi, kama inavyotokea kila shughuli inapoahirishwa, ila walitosha kuifanya kazi.

Wakaanza na mstari wa juu. Ilipofika karibu saa 3, katibu akawaongoza baadhi yao kwenda kwenye mikoko na kuyakuta maji yamekwisha kuingia katikati ya mizizi, tena yakiendelea kupanda. Alimwendea mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu.”

“Samahani mzee, maji haya yatapungua saa ngapi?”

“Leo? Mpaka jioni. Hapa yanajaa bado. Mmekuja na maji mafu. Mngekuja Jumamosi iliyopita, lile lilikuwa bamvua, saa hizi mngetembea mpaka kule mbele kwa miguu.”

Maneno ya mzee yanahitaji kufafanuliwa kwa hesabu, kwa sababu humo ndimo ulimo msingi wa kisa hiki. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na ziada kidogo, na kwa wastani kila siku saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika kama 50. Dakika 50 zikizidishwa kwa siku 7 ni karibu saa 6, na saa 6 ndizo takriban zinazotenganisha kupwa na kujaa. Maana yake ni kwamba bahari iliyokupwa saa 4 na nusu asubuhi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo itakuwa imejaa au inakaribia kujaa.

Dar es Salaam ina jambo la ziada linalofaa kukumbukwa na kila anayepanga kazi ya ufukweni. Nyakati za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku chache zinazofuata, maji hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi hivi. Nyakati za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo ndizo za maji kujaa. Maji mafu hayapandi juu sana, ndiyo maana mstari wa juu ulibaki mkavu na ukasafishwa. Hata hivyo hayashuki chini sana pia, kwa hiyo mikoko haikuacha kuwa na maji asubuhi yote.

Kamati ilikuwa imechagua tarehe 2 bila kutazama jedwali la maji, na kwa bahati tarehe hiyo iliangukia kwenye bamvua. Tarehe ya akiba iliyopangwa wiki moja baadaye ilikuwa imekosea tangu siku ya kuandikwa, na ingekuwa hivyo hata kama mvua isingenyesha mahali popote.

Barua pepe ya pili

Jioni ya tarehe 9 kamati ilikutana. Mweka hazina alipendekeza Jumapili ya kesho yake, lakini wajumbe wengine walikataa kwa sababu wengi huwa kanisani asubuhi, na siku moja isingebadilisha hali ya maji. Waliamua kwenda tarehe 16, yaani wiki mbili tangu tarehe ya kwanza. Katika wiki mbili bahari huwa imekaribia kuumaliza mzunguko wake wa bamvua na maji mafu, hivyo saa ya kupwa hurudi karibu palepale ilipokuwa, ikiwa imetangulia kwa nusu saa au zaidi kidogo. Safari hii walihakikisha kwa kutazama jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam, kisha wakamuuliza tena yule mzee. Majibu yalilingana.

Katibu aliandika mwaliko upya siku ya Jumatatu:

> Kichwa: Usafi wa ufukwe Jumamosi tarehe 16 Novemba, fika saa 1:00 asubuhi (07:00)
>
> Ndugu zetu,
>
> Mahali. Tukutane kituo cha daladala cha Sokoni, chini ya mwembe ulio mkabala na duka la dawa. Usiende ufukweni moja kwa moja. Lokesheni iliyoambatishwa inaonyesha kituo. Mtu mwenye fulana ya njano atakuwa hapo hadi saa 1:30, kisha tutatembea pamoja dakika 5 hadi pwani. Ukichelewa, piga namba iliyo chini.
>
> Saa. Kufika saa 1:00. Kuanza kazi saa 1:30. Kumaliza saa 4:30. Hatuwezi kusogeza muda mbele, kwa sababu bahari itaanza kurudi baada ya hapo.
>
> Vifaa. Sisi tunaleta glavu za mpira, viroba, reki, makoleo, matoroli mawili na maji ya kunywa. Wewe njoo na viatu vilivyofunika mguu mzima (si ndala), kofia na chupa yako ya maji. Mwenye mabuti ya mvua ayavae, tutampanga upande wa mikoko. Usije na panga.
>
> Mvua. Mwenyekiti ataamua, na uamuzi utatumwa kwa kila mtu kwa ujumbe wa simu Jumamosi saa 10:30 alfajiri, zoezi liwepo au lisiwepo. Usiamue kwa kutazama mvua ya kwako. Manyunyu hayatuzuii. Tutaahirisha ikiwa kuna radi, au ikiwa usiku imenyesha mvua kubwa na mtaro unashuka na maji machafu. Tukiahirisha, siku ya akiba ni Jumamosi tarehe 30 Novemba, mahali palepale, saa zilezile.
>
> Tafadhali jibu kabla ya Alhamisi jioni ukitaja namba yako ya simu na kama una mabuti, ili tukupange.
>
> Katibu

Jina la kituo katika nakala hii si lile halisi. Mengine ni kama yalivyotumwa.

Sharti la radi halikuwekwa kwa desturi tu. Mtu aliyesimama mchangani wakati maji yamekupwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na hana mahali pa kujificha. Mvua peke yake humlowesha, basi, na mtu aliyelowa bado anaweza kuokota chupa. Saa 10:30 alfajiri nayo ilipatikana kwa kuhesabu kutoka upande wa mbali: anayetoka Mbagala hutakiwa kuondoka kabla ya saa 11:30, na kabla ya hapo huamka na kujiandaa. Uamuzi unaotangazwa saa 12 humfikia akiwa kwenye daladala.

Kuhusu panga, kamati ilibishana kidogo. Baadhi waliona kwamba nyavu zilizonasa haziwezi kutolewa bila kukatwa. Mwishowe walikubaliana kuwa visu vifupi vitatu vishikwe na watu watatu wanaojulikana, kwa sababu mtu asiye na uzoefu akipewa panga kwenye mikoko hukata mizizi pamoja na wavu, na mikoko inalindwa kisheria.

Matokeo

Usiku wa kuamkia tarehe 16 kulikuwa na mvua ndogo. Mwenyekiti alimpigia mtu anayekaa karibu na mtaro saa 10 alfajiri, akaambiwa kwamba maji yanatiririka kidogo na rangi yake ni ya kawaida. Ujumbe wa “zoezi lipo” ukatumwa kwa wakati. Watu wapatao 40 walifika, wakiwemo waliotoka Mbagala ambako asubuhi hiyo ilikuwa ikinyesha. Hadi saa 1:30 karibu wote walikuwa kituoni.

Kundi kubwa lilifanya kazi juu, na wenye mabuti wakashuka kwenye mlango wa mtaro wakiyafuata maji yalivyokuwa yakirudi nyuma. Huo ndio utaratibu bora wa kazi ya ufukweni: kuanza maji yakiwa yanapwa na kuyafuata, ili kila saa eneo la kazi liwe linapanuka, na mtu akichoka hana haja ya kukimbizana na bahari. Kabla ya saa 4:30 nyavu zote zilizoonekana zilikuwa zimetolewa.

Kulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, viroba vingi vilijazwa hadi juu. Kiroba kinachochukua kilo 50 za mchele, kikijazwa taka zenye mchanga mbichi, hakinyanyuliki na mtu mmoja, na baadhi vilipasuka vilipoburutwa kwenda kwenye lori. Pili, zilipatikana sindano za hospitali miongoni mwa taka, na hapakuwa na chombo cha kuziwekea. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati alikata shingo ya dumu la maji ya kunywa, akazikusanya humo kwa kutumia vijiti viwili. Hakuna aliyechomwa, lakini glavu za mpira hazizuii sindano, na mwaliko haukusema lolote kuhusu jambo hilo.

Uchambuzi

*Siku ya akiba.* Waandaaji wengi huandika “Jumamosi inayofuata” kwa sababu ratiba za watu hufuata wiki. Kwa kazi ya barabarani au ya kufyeka uwanja hilo halina tatizo. Kwa kazi inayotegemea bahari, wiki moja ndiyo nafasi mbaya kuliko zote, kwa kuwa inabadilisha kupwa kuwa kujaa. Siku ya akiba iwe ya pili yake, ambapo saa husogea kwa chini ya saa moja, au iwe baada ya wiki mbili. Kamati ilichagua tarehe 30 kwa hesabu hiyo, ikijua kwamba inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ilikuwa imeikwepa mwanzoni. Kwa maoni yangu walifanya sawasawa: lori linaweza kutafutwa mapema, bahari haikubali maombi.

Ni vyema pia kutambua kwamba barua ya kwanza ingeweza kufanikiwa kwa bahati. Kama mvua isingenyesha, tarehe 2 ingekwenda vizuri, kamati isingejua kwamba maji yalikuwa upande wake, na mwezi mwingine ingepanga zoezi siku ya maji mafu bila kushtuka. Dalili ya tatizo hilo huonekana mapema kwa anayejua kuitafuta: ikiwa ndani ya saa ya kwanza mchanga mbichi ulio mbele yako unapungua badala ya kuongezeka, umekuja na maji yanayojaa, na kazi ya chini ifanywe kwanza au iachwe.

*Sharti la mvua.* Maneno “endapo mvua itanyesha” yalimpa kila msomaji mamlaka ya kuamua, kila mmoja kwa anga lake. Katika jiji ambalo Mbagala hulowa huku Kunduchi kukiwa kukavu, hayo ni maamuzi 70 yasiyofanana. Marekebisho yenye nguvu kuliko yote katika barua ya pili ni ile sentensi inayoahidi ujumbe “zoezi liwepo au lisiwepo”. Ujumbe unaotumwa wakati wa kuahirisha pekee humwacha mtu asiyepata kitu akijiuliza kama zoezi lipo au mtandao umegoma. Ahadi ya kutuma kwa vyovyote vile huondoa shaka hiyo, ingawa inamdai katibu awe na namba za simu, kwa kuwa wachache hufungua barua pepe alfajiri. Ndiyo sababu namba iliombwa katika mwaliko wenyewe.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulitazamwa Ijumaa jioni, nao ulisaidia kuwatayarisha watu. Haukutosha kuwa msingi wa uamuzi, kwa sababu swali la kamati lilihusu hali ya mtaro mmoja baada ya mvua ya usiku, na hilo hujibiwa na mtu aliyesimama kando yake.

*Mahali na saa.* Pahali pa kukutania si lazima pawe pahali pa kazi, na ufukweni kwa kawaida hapafai kuwa. Kituo cha daladala kina faida kwamba kondakta anakijua, bodaboda anakijua, na alama ya ramani ikiwekwa barabarani humfikisha mtu barabarani. Neno “kuanzia” nalo liliondolewa. Katika barua ya kwanza lilieleweka kwamba mtu aje atakapoweza, na mtu huyo akija saa 3 hukuta maelezo ya usalama yamekwisha kutolewa. Saa tatu tofauti, ya kufika, ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na sababu ya ile ya mwisho, ziliwafanya watu wawahi bila kukaripiwa.

*Vifaa.* “Mwenye navyo aje navyo” iliwaacha watu wakikisia. Tarehe 9 zilikuja fagio nyingi, ambazo mchangani hazina kazi, na reki mbili tu. Orodha yenye pande mbili, sisi tunaleta nini na wewe uje na nini, ilimaliza hilo. Kilichobaki ni ombi la kujibu kuhusu mabuti. Waliojibu walikuwa wachache sana, wengi wakaja nayo bila kusema, na upangaji ukafanyika kituoni. Sioni kama hilo ni tatizo la maneno ya barua. Mtu hukumbuka mabuti yake asubuhi anapovaa, na mratibu afadhali atenge dakika 10 za kuwapanga watu palepale kuliko kutegemea majibu.

Kwa mwaliko unaofuata kamati imekwisha kuongeza mistari miwili chini ya kifungu cha vifaa: viroba vijazwe nusu tu, na anayeona sindano au chupa iliyovunjika asiiguse bali amwite mwenye fulana ya njano, ambaye atakuwa na dumu gumu lenye mfuniko na koleo la mkaa.

Suala la lori halijapata jibu kamili. Kampuni inataka kuarifiwa kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia, ilhali uamuzi wa mvua hauwezi kufanywa kabla ya saa 10 alfajiri. Mweka hazina alijadiliana nayo, na wamefikia makubaliano kwamba zoezi likiahirishwa alfajiri kikundi kitalipa nusu ya gharama, na viroba vikifungwa na kurundikwa juu ya mstari wa bamvua lori linaweza kuja hata Jumatatu. Sharti la kurundika juu ya mstari huo limeandikwa kwa mkono wa mwenyekiti kwenye makubaliano, baada ya mzee yule kumwonyesha kwa fimbo mahali ambapo maji ya usiku hufika.